Insulini Inapotelea Wapi? Safari ya Dozi Kutoka Kichupani Hadi Kwenye Damu

Mgonjwa wa kisukari akifika kliniki sukari yake ikiwa imepanda, swali la kwanza huwa ni la chakula: umekula nini? Akijibu kwamba hajabadilisha chochote, hatua inayofuata mara nyingi ni kumwongezea dozi ya insulini. Lakini wapo wengi ambao chakula chao hakina kosa na dozi yao haikuwa ndogo. Insulini ilitoka duka la dawa ikiwa timamu, ila haikufika yote kwenye damu. Ilipotea njiani, na kuna sehemu tatu inapoweza kupotelea: kwenye kichupa kilichokaa mahali pa joto, kwenye bomba la sindano, na chini ya ngozi.

Tumchukulie mama mmoja wa Dodoma anayeuza chai na chapati, aliyeandikiwa insulini ya mchanganyiko, ile inayoitwa 30/70. Alianza na yuniti 22 asubuhi na 12 jioni. Kwa miezi ya kwanza sukari yake kabla ya kifungua kinywa ilikuwa kati ya milimoli 6 na 8 kwa lita. Kisha ikaanza kupanda: 11, halafu 13, halafu 15. Kila alipokwenda kliniki aliongezewa kidogo, hadi akafikia yuniti 30 asubuhi na 18 jioni, na bado siku nyingine sukari ilikuwa 16, siku nyingine 7, bila sababu inayoonekana. Tuifuate dozi ya mama huyu hatua kwa hatua, tuone ilikopotelea.

Kichupa na joto

Kichupa cha kawaida cha insulini kina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Kwa jumla ni yuniti 1000. Kwa dozi ya mwanzo ya yuniti 34 kwa siku, kichupa kimoja kilimtosha mama huyu siku 29 hivi. Hesabu hiyo ni muhimu kwa sababu kichupa kikishafunguliwa huhesabiwa kuwa na maisha ya wiki nne. Anayetumia yuniti 10 tu kwa siku, kama vile mtoto mdogo, angeweza kukaa na kichupa kimoja zaidi ya miezi mitatu, na huko ndiko hatari iliko. Andika tarehe ya kufungua kwenye karatasi ya kichupa kwa kalamu ya wino. Wiki nne zikiisha, fungua kingine hata kama cha zamani hakijaisha.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinapendekezwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kinachotumika kinaweza kukaa nje ya friji, mahali penye kivuli pasipozidi nyuzijoto 25 hadi 30 kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Ni nyumba ngapi za mabati zisizozidi hapo mchana wa Januari?

Swali hilo lilichunguzwa kwa makini katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, eneo la Dadaab nchini Kenya. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la nyumba za wagonjwa na kukuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini kwenye maabara katika joto linalopanda na kushuka vivyo hivyo kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini haikupoteza zaidi ya asilimia 1 ya nguvu yake. Mwaka 2023 mapitio ya watafiti wa Cochrane yakafika mbali zaidi: vichupa vya insulini ya kawaida ya binadamu ambavyo havijafunguliwa vinaweza kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25, au miezi miwili kwenye nyuzi 37, bila kupungua nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Habari hiyo inamwondolea hofu asiye na friji, lakini haimaanishi kwamba joto halidhuru. Juani, juu ya dashibodi ya gari, kwenye buti la basi, karibu na jiko au juu ya kabati chini ya bati, joto hupita nyuzi 37 kwa mbali. Ndani ya nyumba, hewa ya moto hupanda juu, hivyo mahali pa baridi zaidi huwa chini, sakafuni, upande usiopigwa na jua la mchana.

Hapo ndipo chungu cha udongo kinaposaidia. Chukua chungu kikubwa kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, weka mchanga ndani yake, kisha kaza chungu kidogo katikati ya mchanga huo. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni hadi ulowe. Insulini iwe kwenye kopo la plastiki linalofunga sawasawa, ndani ya chungu kidogo, na juu funika kwa kitambaa kilicholoa. Maji yanapopenya kwenye udongo na kukauka hewani huondoka na joto la ndani. Kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo maji yanavyokauka upesi na chungu kupoa zaidi. Kwa hiyo Dodoma au Garissa chungu hufanya kazi nzuri sana. Tanga, Mombasa au Unguja, hasa wakati wa masika hewa ikiwa na unyevu mwingi, hupoza kidogo tu. Kiweke kivulini panapopita upepo, si kwenye kabati lililofungwa, na ukiweza tia kipimajoto cha bei ndogo ndani yake ili ujue badala ya kubahatisha.

Kosa kubwa kuliko joto ni barafu. Wengi huomba hifadhi kwenye friza la soda la dukani, au huweka kichupa katikati ya vipande vya barafu safarini. Insulini iliyoganda imeharibika, na ikiyeyuka haiwi dawa tena hata kama inaonekana kama zamani. Ukiihifadhi kwa jirani, iwe kwenye rafu ya katikati au kwenye mlango wa friji, mbali na sehemu ya kugandisha.

Kabla ya kila sindano, iangalie. Insulini angavu inapaswa kuwa kama maji safi. Ikiwa na ukungu au imebadilika rangi, iache. Insulini yenye ukungu, kama ya mama wetu, ikishachanganywa inapaswa kuwa nyeupe sawasawa. Ikiwa na chembe zisizoyeyuka au imeganda kwenye kuta za kichupa, iache pia. Lakini insulini inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika sura. Dalili yake ni sukari kupanda na kubaki juu, kisha kurudi chini mara tu unapofungua kichupa kipya.

Mama wetu alijaribu hilo. Alifungua kichupa kipya na sukari ikabaki vilevile. Joto halikuwa mwizi wake.

Bomba la sindano

Bomba la insulini hupimwa kwa yuniti, na namba zake lazima zilingane na za kichupa. Kichupa kikiandikwa U-100 au 100 IU/ml, bomba nalo liandikwe U-100. Mara nyingi mfuniko wake ni wa rangi ya chungwa. Bomba la zamani la U-40 likitumika kwa insulini ya U-100, alama ya 20 itakuwa imebeba yuniti 50, na dozi hiyo inaweza kuua.

Nawa mikono kwa sabuni. Insulini yenye ukungu iviringishe kati ya viganja mara 20 polepole, usiitikise kwa nguvu. Isipochanganywa vizuri, dawa hukaa chini ya kichupa: siku za mwanzo unavuta maji maji, siku za mwisho unavuta dozi nzito. Kisha vuta hewa yenye kipimo sawa na dozi yako, iingize kichupani, pindua kichupa juu chini na uvute dawa. Ukiona mapovu, gonga bomba kwa ukucha yapande, yarudishe kichupani, kisha kamilisha kipimo. Povu dogo likiingia chini ya ngozi halina madhara lenyewe, ila mahali lilipo pangekuwa na dawa, na yuniti mbili au tatu zinaweza kukosekana hivyo kila siku.

Insulini huchomwa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, si kwenye msuli. Sindano nyingi za bomba zina urefu wa milimita 8. Bana ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, inua mkunjo, choma wima. Mtoto au mtu mwembamba achome mshazari, kama digrii 45, ili sindano isifike msulini, ambako dawa huingia damuni haraka na kushusha sukari ghafla. Sukuma taratibu hadi mwisho, hesabu polepole hadi kumi sindano ikiwa bado ndani, ichomoe, ndipo uachie ngozi. Ukichomoa upesi utaona tone juu ya ngozi. Tone hilo ni sehemu ya dozi yako. Usisugue. Ngozi iliyooshwa haihitaji spiriti, na ukiitumia subiri ikauke.

Sindano imetengenezwa kutumika mara moja. Anayelazimika kurudia kwa kukosa fedha aifunike, asimpe mtu mwingine hata wa nyumbani, asiifute kwa spiriti kwa kuwa huondoa utelezi uliopakwa kiwandani, na aiache inapoanza kuuma au kupinda. Zilizotumika zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya.

Muuguzi alimwomba mama wetu avute dozi mbele yake. Aliviringisha, akavuta, akatoa mapovu. Hakukosea. Kisha muuguzi akamwomba alale kitandani afunue tumbo.

Vinundu chini ya ngozi

Pande mbili za kitovu kulikuwa na mahali palipovimba kidogo, palipo laini lakini penye uzito kuliko ngozi ya pembeni. Kwa macho havikuonekana vizuri. Kwa vidole vilivyotiwa sabuni kidogo vilipapaswa mara moja. Ndivyo vinundu vya mafuta. Insulini huyafanya mafuta yakue, na ikichomwa palepale siku baada ya siku, hasa kwa sindano butu, mafuta hayo hunenepa na kuwa magumu. Mgonjwa huvipenda kwa sababu hapo hapaumi. Mama wetu alipachagua kwa sababu hiyohiyo.

Insulini ikiingia kwenye kinundu haitoki kwa utaratibu. Leo inatoka nusu, kesho inachelewa saa kadhaa, keshokutwa inatoka kwa pamoja. Sukari inapanda na kushuka bila mpango, na anayeangalia namba za daftari tu huona dozi haitoshi. Utafiti uliofanywa Hispania na kuchapishwa mwaka 2013 uliwachunguza watu 430 wanaojichoma insulini. Karibu thuluthi mbili walikuwa na vinundu. Kati ya hao, asilimia 39 walipata kushuka kwa sukari kusikoelezeka. Kati ya wasio na vinundu, walikuwa asilimia 6 tu.

Dawa ya vinundu ni kuhama kwa mpango. Sehemu zinazofaa ni tumbo, paja kwa mbele na kwa nje, tako upande wa juu wa nje, na mkono kwa nyuma juu ya kiwiko. Insulini ya kawaida huingia haraka zaidi kutoka tumboni na polepole zaidi kutoka pajani na takoni, kwa hiyo usirukeruke ovyo: asubuhi tumia sehemu moja kila siku, jioni sehemu nyingine. Mfano mzuri ni tumbo asubuhi na paja jioni. Anayekwenda kulima au kuendesha baiskeli asichome kiungo kitakachofanya kazi, maana damu hukimbia huko na dawa huingia upesi.

Ndani ya sehemu hiyohiyo, gawa tumbo mafungu manne kwa mstari wa kusimama na wa kulala unaopita kitovuni, ukiacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kuzunguka kitovu. Fungu moja litumie wiki nzima, kila sindano ikiwa umbali wa upana wa kidole kutoka ya jana. Wiki ijayo hamia fungu linalofuata kwa mwendo wa mikono ya saa. Paja ligawe mafungu mawili kila upande. Fungu ulilolitumia hupumzika wiki tatu kabla ya kuguswa tena. Vinundu vyenyewe viachwe kabisa. Hupungua taratibu kwa miezi.

Siku ya kuhama ndiyo ya hatari

Hapa ndipo mambo yote matatu yanapokutana. Mama wetu alikuwa anatumia yuniti 48 kwa siku kwa sababu sehemu ya dawa ilikuwa inakwama. Akihamia ngozi nzima na dozi hiyohiyo, yote itafika. Mara nyingi mahitaji hushuka kwa asilimia 20 au hata zaidi, na dozi hupunguzwa kliniki siku ileile ya kuhama. Tuseme mama huyu hakusubiri. Baada ya kusikia habari za vinundu kwa jirani, siku chache kabla ya kliniki, alijichoma yuniti zote 18 za jioni pajani, akala chakula cha kawaida, akalala.

Insulini ya mchanganyiko inayochomwa saa moja jioni hufika kileleni katikati ya usiku. Saa nane usiku aliamka shuka imelowa jasho, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, njaa kali. Alipima: 2.9.

Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, yaani chini ya 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, imeshuka na inahitaji kutibiwa papo hapo. Kama huna kipimo na una dalili hizo, tibu kwanza. Kunywa sukari gramu 15: vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Soda isiyo na sukari haisaidii. Wala usianze na chapati, maziwa au chokoleti, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kufika damuni. Subiri dakika 15 ukiwa umekaa, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia kipimo kilekile. Ikishapanda, kula kitu cha wanga, kama kipande cha mkate, kiazi au ugali uliobaki, isipokuwa kama mlo wako wa kawaida uko karibu.

Mama wetu alikunywa sukari. Baada ya dakika 15 alipata 3.6. Akarudia, akapata 5.3. Akala kipande cha mkate na kuandika kwenye daftari saa, namba na mahali alipochoma. Kliniki walipunguza dozi hadi yuniti 24 asubuhi na 12 jioni. Baada ya wiki mbili za kuhama kwa mpango, asubuhi zake zilirudi kati ya 7 na 9.

Mwenye saumu naye anahusika. Sukari ikishuka chini ya 3.9 wakati wa Ramadhani, saumu inafunguliwa hapohapo hata kama magharibi imebaki nusu saa. Mpango wa dozi za futari na daku upangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Watu wa nyumbani wajue dalili ambazo mgonjwa mwenyewe hazioni: kuongea ovyo, ukali usio wa kawaida, kutembea kwa kuyumba. Wengine wamedhaniwa wamelewa au wamepandwa na shetani, huku ubongo ukikosa sukari. Akiwa anaweza kumeza, mpeni sukari. Akiwa amezimia au anatetemeka kwa degedege, msimmiminie kitu mdomoni kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, mwite usafiri, mumkimbize kituo chenye dripu ya sukari. Kama kliniki iliwapa sindano ya glukagoni, mchomeni huku usafiri ukisubiriwa. Msimchome insulini kwa kudhani ndiyo inayokosekana.

Baada ya sukari kushuka, usiache sindano inayofuata kwa hofu, hasa kama ni mtu ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa. Piga simu kliniki uulize dozi ipunguzwe kiasi gani. Na kabla ya kukubali kuongezewa dozi safari nyingine, peleka kichupa unachotumia kikiwa na tarehe, vuta dozi mbele ya muuguzi, kisha mwombe akupapase mahali unapochoma.